Thumuni dukani: kupiga asilimia 12.5 na ndugu zake bila kugusa simu

*"Nauza kwenye duka la jumla la rangi na vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Bosi ameweka punguzo la asilimia 12.5 kwa fundi anayechukua ndoo kumi kwenda juu, na asilimia 37.5 kwa mzigo uliokaa. Mteja akinisimamia napiga 10 kwanza, ile 2.5 nabahatisha. Simu ipo, ila nimeshabonyeza vibaya mara mbili nikakatwa mshahara. Kingine: bei ilipandishwa 12.5, mwezi uliofuata tukaambiwa tuishushe 12.5 irudi ya zamani. Nimeishusha, haikurudi. Nilikosea wapi?"*

Kwenye kushusha hukukosea kugawa. Uligawa sawasawa, ila ulichokigawa hakikuwa kile kilichogawiwa wakati wa kupandisha. Nitalifikia hilo, kwa sababu halieleweki mpaka kwanza tuivue ile 12.5 koti la asilimia tuione ilivyo ndani.

Chukua mia moja uikate nusu, unapata 50. Ikate tena, unapata 25, ambayo kila mtu dukani anaiita robo wala hahangaiki nayo. Kata mara ya tatu, unapata 12.5. Kwa hiyo asilimia 12.5 ni nusu ya robo, yaani sehemu moja kati ya nane. Kiswahili kina jina lake, thumuni, na ningependa ulizoee, kwa sababu ukisikia "asilimia kumi na mbili nukta tano" akili inatafuta kalkuleta, lakini ukisikia "thumuni" inatafuta kisu. Jihadhari na jambo moja tu: wazee wanaposema thumuni, au sumuni kama wasemavyo wengi Kenya, mara nyingi wanamaanisha sarafu ya senti 50. Senti 50 ni nusu ya shilingi, si moja ya nane yake. Hilo ni jina la sarafu lililobaki mdomoni, lisikuchanganye kwenye hesabu.

Basi, kupata asilimia 12.5 ya kitu chochote ni kukikata nusu mara tatu. Tuchukue ndoo ya rangi yenye bei ya 94,500, nimeichagua makusudi kwa kuwa haigawanyiki vizuri. Nusu yake ni 47,250. Nusu ya hiyo ni 23,625. Nusu ya hiyo ni 11,812.50. Hilo ndilo punguzo, na fundi analipa 82,687.50.

Makosa yanayotokea hapa ni mawili, na yote ni ya kuhesabu hatua, si ya kugawa. La kwanza ni kusimama kwenye hatua ya pili. Ukisimama hapo umempa mteja robo nzima, na bosi ndiye atakayelia. La pili ni kukata mara nne, ukaangukia asilimia 6.25, na hapo atakayelia ni fundi. Dawa ni kutaja jina la kila hatua unapokata, hata kama ni kimoyomoyo: "nusu, robo, thumuni." Ukifika kwenye neno thumuni, simama. Majina yanakuhesabia hatua wakati kichwa kinashughulika na tarakimu.

Hiyo njia yako ya kuanza na 10 nayo ni halali kabisa, usiitupe. Kilichokuangusha ni kubahatisha 2.5, na 2.5 haihitaji kubahatishwa: ni robo ya ile 10 uliyokwisha kuipata. Kumi ya 94,500 ni 9,450. Robo yake, kwa kukata nusu mara mbili, ni 4,725 kisha 2,362.50. Jumlisha na 9,450 unapata 11,812.50, ile ile. Mimi ningetumia kukata mara tatu kama njia ya kazi, na 10 kama njia ya kujikagua: thumuni lazima izidi kumi, na lazima iwe pungufu ya mara mbili yake. Jibu lako likiwa 1,181 au 118,125 kwa ndoo moja, nukta imekaa pabaya, na utaliona kabla mteja hajafungua pochi.

Watu wengine hawapendi kukata namba zenye tarakimu za witiri, ile 23,625 inawakwamisha. Hao wana njia nyingine, na kwa bei zetu za maelfu huenda ikawa nyepesi zaidi. Kariri kitu kimoja tu: thumuni ya elfu moja ni 125. Sasa gawa maelfu kwa nane moja kwa moja. Kwenye 94,500 maelfu ni 94. Nane inaingia mara 11, ambayo ni 88, yanabaki 6. Hizo 11 ni 11,000 ya punguzo. Maelfu 6 yaliyobaki, kila moja lina 125, ni 750. Imebaki 500 ya mwisho, ambayo ni nusu ya elfu, kwa hiyo ni nusu ya 125, yaani 62.50. Jumla ni 11,812.50.

Ukiuza wiki mbili kwa njia hii utakuta mkia wa maelfu haukusumbui tena, kwa sababu mabaki ya kugawa kwa nane yanaweza kuwa moja hadi saba tu, na kila moja lina jibu lake lisilobadilika: 125, 250, 375, 500, 625, 750, 875. Watatu kati ya hao unawajua tangu zamani, kwa kuwa 250, 500 na 750 ni robo, nusu na robo tatu za elfu. Kwa hiyo wageni ni wanne tu.

Na hao wageni wanne ndio wanaokufungulia mlango wa ule mzigo uliokaa. Asilimia 37.5 ni thumuni tatu. Lakini usiipige kama thumuni mara tatu, utachoka bure. Ipige kama robo na nusu ya robo. Ukishakata bei nusu mara tatu, namba zote mbili unazo tayari: hatua ya pili na hatua ya tatu. Kwa ndoo yetu ni 23,625 na 11,812.50, jumla 35,437.50.

Hapo tena kuna njia ya mkato ambayo wauzaji wengi hawaitumii. Mteja hataki kujua punguzo, anataka kujua analipa ngapi. Ukiondoa 37.5 kinachobaki ni 62.5, na 62.5 ni nusu na thumuni. Kwa hiyo ruka kutoa, jumlisha tu hatua ya kwanza na ya tatu: 47,250 na 11,812.50 ni 59,062.50. Kutoa kichwani ndiko kunakoleta makosa mengi kuliko kujumlisha, hasa pale unapokopa tarakimu kutoka kwenye sifuri, kwa hiyo kila unapoweza kufika kwenye jibu kwa kujumlisha, pita huko. Kwa punguzo la 12.5 pekee huna budi kutoa, kwa sababu kinachobaki ni thumuni saba, na kutoa moja ni rahisi kuliko kujumlisha saba.

Sasa ile bei iliyokataa kurudi.

Tuseme ya zamani ilikuwa 72,000. Ifikirie kama mafungu manane ya noti, kila fungu 9,000. Kupandisha kwa asilimia 12.5 ni kuongeza fungu moja. Sasa mezani yako mafungu tisa, jumla 81,000. Ili urudi ulikotoka unatakiwa kuondoa fungu moja, lakini fungu moja kati ya tisa, si kati ya nane. Wewe ulichukua 81,000 ukaigawa kwa nane, ukapata 10,125, ukaitoa, ukaangukia 70,875. Umeondoa fungu moja na kipande juu yake, na kipande hicho, 1,125, ndicho kilichokosekana kila ndoo. Ungeigawa 81,000 kwa tisa ungepata 9,000, na bei ingerudi pale pale 72,000.

Kanuni yake ni nyepesi kuishika: ukiongeza moja ya nane, unarudi kwa kutoa moja ya tisa. Na kinyume chake, ukiwa umetoa moja ya nane, yamebaki mafungu saba, kwa hiyo unarudi kwa kuongeza moja ya saba. Fundi akikuletea risiti ya 63,000 aliyolipa baada ya punguzo la 12.5, ukataka kujua bei kamili ilikuwa ngapi, gawa 63,000 kwa saba, ni 9,000, ongeza, ni 72,000. Ukiongeza thumuni ya 63,000 utapata 70,875, yaani utakuwa umerudia kosa lile lile ukitokea upande wa pili.

Huna haja ya kuona aibu, maana kosa hili linawapata hata wanaolipwa kwa kupiga hesabu. Migahawa mingi ya London huongeza asilimia 12.5 ya huduma chini ya bili. Chakula cha pauni 64 kinaongezwa pauni 8, mteja analipa 72. Anayetaka kujua ndani ya zile 72 huduma ni kiasi gani, akagawa kwa nane, anapata 9 na anazusha ugomvi jikoni bila sababu. Anatakiwa kugawa kwa tisa, apate 8.

Ndiyo maana kila unapoambiwa asilimia, swali la kwanza lisiwe "ngapi" bali "ya nini". Faida ya 12.5 juu ya bei ya kununulia si sawa na faida ya 12.5 juu ya bei ya kuuzia. Ukinunua kwa 72,000 ukauza kwa 81,000, ile 9,000 ni thumuni ya mtaji wako, lakini ni moja ya tisa ya mauzo, yaani kama asilimia 11.1. Bosi akisema "nataka asilimia 12.5 ya mauzo ibaki", anadai zaidi ya hapo: bei ya kununulia inapaswa kuwa mafungu saba, na ya kuuzia manane. Kwa ndoo ya 72,000, fungu ni 10,286 hivi, na bei inakaribia 82,300. Muulize anamaanisha ipi kabla hujaandika vibandiko.

Hata kwenye mirathi ya Kiislamu, ambako thumuni ndiyo fungu la mjane ambaye mumewe ameacha watoto, swali ni hilo hilo la "ya nini". Ni thumuni ya kilichobaki baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, si ya kila kilichokutwa nyumbani. Na wajane wakiwa wawili, wanagawana hiyo thumuni moja, kila mmoja anapata moja ya kumi na sita. Hesabu yake ni kukata nusu tu, lakini kuorodhesha warithi na madeni si kazi ya kichwani wala ya mtu wa dukani. Hapo aendaye aende kwa kadhi.

Kuna mtego mwingine utakaokutana nao kwenye duka lenu, kwa sababu mna punguzo mbili. Fundi anachukua ndoo kumi za rangi iliyokaa. Anadai 37.5 za mzigo uliokaa na 12.5 za ndoo kumi, anajumlisha, anakuambia "nusu bei". Inasikika sawa, maana 37.5 na 12.5 ni 50 kweli. Lakini punguzo la pili, likitolewa, kwa kawaida linakatwa kwenye bei iliyokwisha kupunguzwa. Ndoo ikiwa 96,000, baada ya 37.5 inabaki 60,000. Thumuni ya 60,000 ni 7,500, anabakiza 52,500. Nusu bei ingekuwa 48,000. Tofauti ni 4,500 kwa kila ndoo, na kwa ndoo kumi ni 45,000. Na hapa mpangilio hauna neno: ukianza na thumuni, 96,000 inakuwa 84,000, kisha nusu na thumuni ya hiyo ni 42,000 na 10,500, jumla 52,500 ile ile. Swali la kama fundi anastahili zote mbili au moja tu ni la bosi kujibu, na inafaa jibu lake liwe kwa maandishi ukutani, si kwa mdomo siku ya ugomvi.

Nyongeza kwako, ijapokuwa hukuuliza: kiwango chenye nukta tano hakimaanishi thumuni kila mara. Vingine vinatoka kwenye kumi, na ukivikazania kwa nane utaumia kichwa. Asilimia 2.5 ni robo ya kumi, sawa na moja ya arobaini, na wanaotoa zaka ya fedha wanaijua hiyo bila kufundishwa. Asilimia 7.5 ni kumi kasoro robo yake. Kodi ya pango la nyumba za kuishi Kenya ni 7.5 tangu Januari 2024. Mwenye kupokea pango la 36,000 kwa mwezi anatafuta kumi yake, 3,600, anaondoa robo yake, 900, kodi ni 2,700. Asilimia 17.5, iliyokuwa VAT ya Uingereza kwa miaka mingi kuanzia 1991, ilipigwa na wauza duka kwa kukata kumi nusu mara mbili: 10, kisha 5, kisha 2.5, halafu zote tatu zinajumlishwa. Kwenye pauni 80 ni 8, 4 na 2, jumla 14. Asilimia 22.5 ni robo kasoro kumi yake: robo ya 80,000 ni 20,000, toa 2,000, ni 18,000.

Unaona mtindo? Tafuta kipande kinachokatika kirahisi karibu na kiwango ulichopewa, kisha ongeza au punguza kipande cha hicho kipande. Hata VAT ya 18 ya Tanzania Bara inakubali hivyo, ingawa haina nusu wala thumuni ndani yake: ni moja ya tano kasoro kumi yake. Kwenye 45,000, moja ya tano ni 9,000, toa 900, ni 8,100.

Ila usije ukaichukua thumuni ukaifanya 12 au 13 kwa kuwa ziko jirani. Kwenye 94,500, asilimia 12 ni 11,340 na thumuni ni 11,812.50. Karibu 500 kwa ndoo moja inaonekana ndogo mpaka ufunge hesabu za mwezi. Ukitumia thumuni kwa 12, toa nusu asilimia: moja ya mia ya 94,500 ni 945, nusu yake 472.50, unarudi 11,340. Lakini kama una sekunde za kufanya hivyo, basi kumi na mbili ya kawaida, yaani kumi jumlisha asilimia mbili, ni haraka zaidi.

Kuna wakati bei yenyewe ndiyo yenye 12.5 ndani yake, na hapo geuza. Asilimia 18 ya 12,500 ni sawa na asilimia 12.5 ya 18,000. Thumuni ya 18,000 ni 2,250, umemaliza. Inafanya kazi kwa sababu asilimia ni kuzidisha na kugawa kwa mia, na kuzidisha hakujali nani ametangulia. Vivyo hivyo asilimia 48 ya 12,500 ni thumuni ya 48,000, yaani 6,000. Si mbinu ya kila siku, lakini bei za 12,500, 25,000 na 37,500 ziko nyingi dukani, na zote zinakubali.

Turudi kwenye senti, maana ndizo zilizokukata mshahara pengine kuliko kubonyeza vibaya. Ndoo moja ya 94,500 ikipunguzwa inakuja 82,687.50, na hakuna mteja atakayekupa senti hamsini. Wauzaji wengi wanasawazisha ndoo moja kuwa 82,700, kisha wanazidisha kwa kumi: 827,000. Wengine wanasawazisha mapema zaidi, 23,625 wanaifanya 23,600 ili ikatike vizuri, na punguzo linakuwa 11,800 badala ya 11,812.50. Njia zote hizo zinaacha alama kwenye droo jioni. Piga jumla kwanza, kata baadaye, sawazisha mara moja tu mwishoni. Ndoo kumi ni 945,000. Maelfu 945 kwa nane ni 118, linabaki moja, kwa hiyo punguzo ni 118,125 kamili, na malipo ni 826,875. Senti zimepotea zenyewe. Iliyobaki ni hiyo 75 ya mwisho, ambayo sarafu zetu, zikianzia 50, haziwezi kuilipa sawasawa: ama 826,850 ama 826,900. Bosi aseme inaegemea wapi, na iwe hivyo kwa kila mteja, ili droo ikiwa na tofauti ujue ni ya kusawazisha na si ya wizi.

Na simu usiitupe. Kwa bili ndefu itumie, ila achana na kitufe cha asilimia. Kalkuleta hazikubaliani juu yake: nyingi ukiandika bei, kutoa, 12.5, asilimia, zinakupa bei iliyopunguzwa, lakini nyingine zinageuza 12.5% kuwa 0.125 na kuitoa kama ilivyo, ukapata 94,499.875, na mtu mwenye haraka anasoma 94,499 akadhani ni kitu. Andika hivi, hazitofautiani:

```
94500 * 0.875
94500 * 0.625
81000 / 1.125
```

Wa kwanza ni bei baada ya punguzo la 12.5, wa pili ni baada ya la 37.5, wa tatu ni kurudisha bei iliyopandishwa 12.5. Hizo namba tatu ziandike kwenye karatasi uibandike pembeni ya droo. Kichwa chako kinatoa makadirio kwa thumuni, simu inatoa senti, na zikitofautiana kwa kiasi kikubwa, umebonyeza vibaya. Rudia kabla hujatamka bei. Ukishaitamka, fundi hatakubali irudi juu.

Jambo moja nisingependa uliamue peke yako ni punguzo linapokutana na VAT. Kwa mteja, jumla ya mwisho haibadiliki ukitoa thumuni kabla ya kuweka 18 au baada. Kwa bosi inabadilika kwenye vitabu: ukitoa punguzo kwanza, kodi inakatwa kwenye bei ndogo, ukiikata kwenye bei kamili halafu ukapunguza chini, risiti ya EFD itaonyesha kodi kubwa kuliko inayolingana na pesa mliyopokea. Kwa ndoo ya 80,000 kabla ya kodi, ni tofauti kati ya 14,400 na 12,600. Namna ya kuliingiza punguzo kwenye mashine, na linavyopaswa kuonekana kwenye risiti, mwone mhasibu wa duka akiwa mbele ya mashine yenyewe, mkatoe risiti moja ya punguzo la 37.5 mkaisome pamoja mstari kwa mstari. Na kama zile mara mbili ulizokatwa zilitokana na bei iliyokataa kurudi, chukua karatasi, andika mafungu manane ya 9,000, ongeza la tisa, umpelekee bosi. Agizo la "shusha 12.5" lilitoka kwake.